Hinki pinki: jinsi ya kuusaka mkia wa jibu

Fumbo ni hili: "Jozi moja na nusu ya vya kuvaa miguuni." Jibu lake ni maneno mawili, na maneno hayo yana kina kimoja. Kabla hujaendelea kusoma, jipe nusu dakika.

Jibu ni viatu vitatu. Jozi moja ni viatu viwili, nusu ya jozi ni kimoja, jumla vitatu. Ukiyatamka kwa sauti utasikia maneno yote mawili yakishukia mlio uleule: -atu, -atu. Ndiyo maana aliyelipata jibu haulizi kama amepatia. Maana imetimia, na sauti imethibitisha.

Mchezo huu tumeupata kwa wasemaji wa Kiingereza, na anayeutafuta mtandaoni huandika `hink pink`. Mimi nauita hinki pinki, na jina hilo linakaa vizuri kinywani kwa sababu lenyewe lina kina kamili cha Kiswahili. Jina lile la Kiingereza halina maana yoyote. Ni kielelezo tu cha jibu: maneno mawili ya silabi moja moja yanayofanana mlio. Huko kwao majibu yakiwa ya silabi mbili mbili, jina nalo hurefushwa liwe na silabi mbili mbili, na yakiwa ya tatu tatu hurefushwa tena. Kwa hiyo mtegaji akishataja jina tu, amekwisha kukudokezea urefu wa jibu. Hilo sisi hatuwezi kulichukua lilivyo, kwani majina ya silabi moja kwa Kiswahili ni machache mno na vivumishi vya silabi moja ni vichache zaidi. Lakini kudokeza urefu ni jambo la lazima, na nitaonyesha baadaye mahali lilipoleta ubishi.

Hinki pinki haifanani na kitendawili tulichokizoea. Kitendawili hukuficha kwa sitiari: nyumba isiyo na mlango inageuka kuwa yai. Hinki pinki haikufichi kitu, maelezo yake ni ya kweli tupu, neno kwa neno. Mpishi asiyekubali kushindwa kwa maneno ni mpishi mbishi, na hakuna zaidi ya hapo. Ugumu wote uko katika kuchagua maneno, kwa sababu kila sehemu ya maelezo inaweza kusemwa kwa njia tano au sita, na ni njia moja tu inayopatana na mwenzake.

Tuanze na kina chenyewe, maana wengi hupotelea hapo. Chukua fumbo hili: "Mnyama mwenye shingo ndefu anayeogopa." Mtu atajibu haraka: twiga mwoga. Kwa sheria za ushairi wetu amepatia, kwa kuwa kina cha ushairi ni silabi ya mwisho, na hapa pote pawili pana -ga. Mshairi angeyapanga maneno hayo mwishoni mwa mishororo miwili na asiulizwe. Lakini katika hinki pinki jibu hilo halina mshiko. Litamke polepole: twi-ga, mwo-ga. Sikio linasikia i kisha linasikia o, na jozi inaachana palepale pa kukutania.

Sababu ni mkazo. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache sana, hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio hulikumbuka neno kwa hapo palipokazwa. Shairi lina mishororo mingi ya kujenga mlio wake, kwa hiyo silabi moja inatosha. Fumbo lina maneno mawili peke yake. Kwa hiyo kina cha hinki pinki kinaanzia kwenye irabu iliyokazwa na kuendelea hadi mwisho wa neno. Sehemu hiyo ndiyo ninayoiita mkia. Mkia wa tembo ni -embo, wa daktari ni -ari, wa jogoo ni -oo. Tembo anayependeza sura ni tembo mrembo, daktari mwenye ustadi ni daktari hodari, na kitu anachojitazamia mume wa kuku ni kioo cha jogoo. Katika jibu hili la mwisho kuna neno dogo "cha" katikati. Mimi silihesabu, kwa kuwa ni kiungo tu na Kiswahili hakiwezi kutaja umiliki bila hicho kiungo.

Ukishaielewa mikia, utaanza kuona jozi zinazodanganya. Mvuvi mvivu inasikika kama imekamilika, lakini mikia ni -uvi na -ivu: herufi zilezile zimegeuziwa mpangilio. Ndevu ndefu inadanganya zaidi. Irabu zote zinalingana, na tofauti ni v na f, sauti mbili zinazotokea mahali pamoja mdomoni, moja ikitetemesha koo na nyingine ikiliacha limenyamaza. Nimeshawaona watu wazima wakiitetea jozi hii kwa nguvu zote. Mimi siikubali, na sababu ni ya kutenda: ukikubali v na f zifanane leo, kesho utaombwa ukubali b na p, na anayesaka jibu hatajua tena asake wapi.

Upande wa pili wa kosa hilo ni jozi zinazofanana kupita kiasi. Serikali kali. Chumba cha mchumba. Mahaba haba. Mlio unavutia, lakini hapo neno moja limemezwa zima zima na jingine. Ule ni mwangwi tu. Kina kinataka mkia ufanane na konsonanti iliyo mbele ya mkia itofautiane. Chumba cha mchumba kina ch pande zote mbili, basi kinaanguka. Nyumba ya mchumba inasimama, kwa sababu ny na ch ni sauti mbalimbali zinazoshukia -umba moja.

Sasa tuingie kwenye kusaka. Kosa la kwanza la anayeanza ni kushika jina, yaani kitu kinachoelezwa, na kulizungukia. Akisikia "mnyama" anaanza kutaja wanyama mmoja mmoja. Majina katika lugha ni maelfu. Vivumishi vya Kiswahili ni vichache, na vile vinavyobeba viambishi vya ngeli, kama -zuri, -gumu, -embamba, -eusi, unaweza kuviandika vyote kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo anza na sifa. Maelezo yakisema "rangi ya makaa", njia hazizidi moja au mbili: ni -eusi. Mkia umeshaupata, -usi, nao hautabadilika hata ufanye nini.

Hapa lugha yetu inatusaidia sana. Upatanisho wa ngeli hubadilisha kichwa cha kivumishi tu: mwembamba, nyembamba, jembamba, chembamba. Mkia -amba hautikisiki. Kwa hiyo unaweza kusaka jina kwanza bila kujali ngeli, ukaja kulivisha kivumishi kichwa chake mwishoni. Mamba aliyekonda ni mamba mwembamba. Shamba lililobanwa pande mbili ni shamba jembamba. Uzi wa kufungia usio mnene ni kamba nyembamba, na hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: kamba mwembamba nalo ni jibu halali, ila si la uzi tena. Ni yule kamba wa baharini, mwenye miguu mingi na masharubu. Jina ni lilelile, mkia ni uleule, na ngeli peke yake ndiyo inayoamua kama tunazungumzia kitu cha kufungia au kiumbe hai.

Tufanye fumbo moja hatua kwa hatua: "Mnyama wa kupandwa aliyegoma kutii." Sifa kwanza. Asiyetii tunamwitaje? Mkaidi, mtukutu, mbishi, msumbufu, mwasi. Andika mikia yake pembeni: -idi, -utu, -ishi, -ufu, -asi. Kisha jina. Wanyama wa kupandwa si wengi: punda, ngamia, farasi. Mikia yao: -unda, -ia, -asi. Maneno matano upande mmoja na matatu upande mwingine ni jozi kumi na tano, lakini huna haja ya kuzijaribu zote kwa mdomo. Pitisha macho kwenye safu mbili za mikia na utaona mkia mmoja tu unaotokea pande zote mbili. Farasi mwasi. Kama umezoea kuliandika muasi, mkia haudhuriki.

Ona kilichotokea. Neno la kwanza kumjia karibu kila mtu ni mkaidi, kwa kuwa ndilo linalotumika zaidi. Anayeling'ang'ania mkaidi atazunguka na punda na ngamia bila kufika. Neno mkaidi lina mwenzake mahali pengine kabisa: mtu aliyeitwa kutoa ushahidi akakataa kufumbua mdomo ni shahidi mkaidi. Dalili ya kwamba umekwama ni hiyo: umerudia neno moja mara tatu ukibadilisha lile jingine tu. Ukijiona unafanya hivyo, acha neno ulilolishikilia, uliandikie visawe, hata vile visivyotumika kila siku. Jibu la hinki pinki mara nyingi hukaa kwenye kisawe cha tatu au cha nne.

Kuna mafumbo ambayo sifa unayo ila jina halikujii. "Uamuzi wa mahakama ulio mzito kuupokea." Mzito kupokea: -gumu. Mkia -umu. Sasa utafanya nini? Pitisha konsonanti zote mbele ya mkia, moja baada ya nyingine, na kwa kila silabi inayopatikana jiulize kama kuna neno linaloishia hivyo. Bumu, chumu: hakuna kitu. Dumu: lipo, la kuchotea maji. Fumu, gumu, humu: "humu" ni neno, lakini si jina la kitu. Jumu: kimya. Kumu: hapo, usikimbie. Silabi mbili peke yake hazina maana, lakini ukizitangulizia silabi moja unapata hukumu, na ukijaribu nyingine unapata jukumu. Hukumu ndiyo uamuzi wa mahakama. Jibu ni hukumu ngumu.

Makosa mawili hutokea kwenye njia hii. Moja ni kuruka haraka pale silabi zinapoonekana hazina maana, na kusahau kwamba maneno mengi mazuri yana silabi moja au mbili za mbele kabla ya mkia. La pili ni ngeli. Nimesikia mtu akishangilia "hukumu gumu!" Mkia ulikuwa sahihi, kichwa hakikuwa. Hukumu iko pamoja na nyumba na safari, kwa hiyo inataka ngumu. Jukumu liko pamoja na jicho na tunda, ndiyo maana kazi nzito uliyokabidhiwa ni jukumu gumu. Chombo cha maji kisichopasuka hata kikianguka ni dumu gumu. Ngeli ndiyo chekeche la mwisho, nalo linatenda kazi mbili: linasahihisha jibu lako, na wakati mwingine linakuonyesha kwamba umeshika jina lisilo lenyewe.

Namba ni hazina ambayo watu huisahau, kwa sababu akili ikisikia "sifa" inafikiria rangi na ukubwa. Lakini idadi nayo ni sifa, na mikia yake inajulikana kabla hujaanza. Hoja isiyo na ya pili ni hoja moja. Mapigano makubwa nusu dazeni ni vita sita. Mikasa iliyopungua kumi kwa mmoja ni visa tisa. Makonde yanayolingana na idadi ya vidole vya mikono miwili ni ngumi kumi. Mifano mitano ni jibu zuri la "vielelezo kwa hesabu ya vidole vya mkono mmoja". Saba ilinisumbua muda mrefu. Nilipitisha konsonanti mbele ya -aba kwa umoja nikakuta majina ya vitu visivyohesabika, kama shaba, mpaka siku nilipokumbuka kwamba chochote kinachofuatwa na saba lazima kiwe kwenye wingi. Mikataba saba ikajitokeza yenyewe. Nane bado sijaipatia jozi safi. Karne nane iko jirani kabisa, ila ile r iliyojipenyeza kabla ya n inaharibu mkia, nami nimeapa kutoitumia.

Nilisema nitarudi kwenye urefu. Nilimtegea mpwa wangu fumbo hili: "Uso wa mnyama mdogo anayeruka." Akafikiri, akaandika kitu kwenye kiganja, akasema: "Sura ya sungura." Nikamwambia amekosa, jibu ni sura ya chura. Akanitazama. "Mjomba, kwani sungura haruki?" Nikakaa kimya. Sungura anaruka, ni mdogo, na mkia wake ni -ura kama wa chura. Kwa maelezo niliyompa, jibu lake lilikuwa sawa kabisa na langu. Aliyekosea ni mtegaji.

Tangu siku ile huandika idadi ya silabi mwishoni mwa fumbo, ndani ya mabano, kama wale wenzetu wanavyoitaja ndani ya jina. Sura ya chura ni (2, 2). Sura ya sungura ni (2, 3). Namba mbili zinatosha kuwatenganisha wanyama hao. Na kwa anayesaka, namba hizo ni zana ya kweli: ukijua jina lina silabi tatu, unapopitisha konsonanti mbele ya mkia unajua kwamba bado kuna silabi moja ya mbele unayoidai.

Kuhesabu silabi kwenyewe ni rahisi, isipokuwa mahali pamoja. Kila irabu ni silabi, hata zikifuatana: kioo ni ki-o-o, tatu, mpuuzi ni m-pu-u-zi, nne. Mahali penye mtego ni m ya mwanzo. Katika mpishi, m inasimama peke yake kama silabi, kwa hiyo neno lina tatu. Katika mwasi, m imeungana na w, neno lina mbili. Na kuna mbishi na mbuzi, maneno yanayoanza kwa herufi zilezile mbili. Mbishi ni m-bi-shi, silabi tatu, kwa kuwa m ile ni kiambishi cha mtu na wingi wake ni wabishi. Mbuzi ni mbu-zi, silabi mbili, kwa kuwa mb ni sauti moja na wingi wake ni mbuzi vilevile. Ukiwa na shaka na mb, tafuta wingi wa neno: m ikiondoka, ilikuwa silabi. Kwa hesabu hiyo mnyama wa maziwa mwenye maarifa mengi, mbuzi mjuzi, ni (2, 3), na mwenzake asiye na maana, mbuzi mpuuzi, ni (2, 4).

Kuna vina ambavyo ni rahisi mno kiasi cha kuuharibu mchezo. Neno lolote linaloishia kwa a ukilitia -ni ya mahali linapata mkia -ani. Basi nyani dukani, nyani mezani, nyani darasani, nyani popote pale. Vivyo hivyo kwa -aji: msomaji mwimbaji, mchezaji mfanyaji, orodha haina mwisho. Majibu hayo si makosa ya kina, mikia inalingana sawasawa. Tatizo ni kwamba mlio haukutoka kwenye maneno, umetoka kwenye kiambishi kilichogandishwa nyuma, na fumbo la namna hiyo lina majibu kumi yenye haki sawa. Kipimo changu ni kuondoa kiambishi cha nyuma na kuangalia kilichobaki. Kama kina kinakufa pamoja nacho, natafuta jozi nyingine.

Mwenye kompyuta ya Linux au Mac na orodha ya maneno, neno moja kila mstari, anaweza kujitengenezea kamusi ya mikia kwa amri moja:

```
rev maneno.txt | sort | rev
```

Amri hiyo inageuza kila neno nyuma mbele, inapanga orodha kwa alfabeti, kisha inayarudisha maneno yalivyokuwa. Matokeo yake ni orodha iliyopangwa kwa kufuata miisho, ambamo harusi na kamusi zinakaa jirani ingawa katika kamusi ya kawaida ziko mbalimbali. Ukiwa na mkia mmoja tu unaoutaka, hii inatosha:

```
grep 'usi$' maneno.txt
```

Alama ya dola inamaanisha mwisho wa mstari, kwa hiyo utapewa maneno yanayoishia -usi peke yake. Ukiyapitia kwa macho utaona kwamba fumbo la "kitabu cha kutafutia maana za maneno, chenye rangi ya makaa" ni kamusi nyeusi, na kwamba harusi nyeusi inangoja mtu wa kuitegea.

Orodha hiyo ina upofu wa aina moja unaopaswa kuufahamu. Kila kinachobadilika mbele ya neno hakiidhuru: ukitafuta mikataba utapata mkataba, na ukitafuta amelala utapata lala, mkia ni uleule. Lakini kitenzi kinachobadilika nyuma kinapotea. Fumbo "Mnyama mwenye madoa hana habari" lina jibu zuri sana: chui hajui. Orodha ina jua, haina hajui, kwa kuwa ukanushi umegeuza a ya mwisho kuwa i. Ukimtafutia chui mwenzake wa -ui utapewa adui, ambalo ni jibu la fumbo jingine, na utadhani umemaliza. Kwa hiyo maelezo yakiwa na "asiye" au "hana", kumbuka kukanusha vitenzi mwenyewe, kwa kalamu.

Anayetega hufuata njia hii kinyumenyume. Hutafuta jozi kwanza, ndipo anaiandikia maelezo. Maelezo yasitumie mzizi wa neno lolote la jibu: huwezi kueleza hukumu ngumu kwa kusema "anachotoa anayehukumu". Na umbo la maelezo liendane na umbo la jibu. Jibu likiwa jina na sifa, maelezo yawe kundi la maneno, kama "mpishi asiyekubali kushindwa". Jibu likiwa na kitenzi, maelezo yawe sentensi kamili, ili anayesaka ajue mapema kwamba vivumishi havitamsaidia. Ukishamaliza, jaribu kulivunja fumbo lako mwenyewe kwa kutafuta jibu la pili. Ukilipata, badilisha neno moja la maelezo. Usitegemee silabi peke yake. Ningesema "anayeruka na kuishi majini", mpwa wangu asingekuwa na la kuniuliza.

Haya manne nimeyatega kwa kufuata masharti yote hayo, na majibu yake hayamo popote katika makala hii. "Mtu anayetibu kwa dawa za miti, ambaye bado ni kijana" (3, 3). "Kidudu kinachonyonya damu ya ng'ombe, chenye rangi ya maziwa" (2, 3). "Mkuu wa mahakama anayeonea watu" (3, 3). Na la mwisho, ambalo ni sentensi kamili: "Fundi wa mbao yuko usingizini" (4, 4).